53 − 27: Jinsi ukanda wa ukuaji wa karibu na kiunzi vinavyofanya kazi pamoja katika somo la Hisabati Darasa la Tatu

Mpe mtoto wa Darasa la Tatu swali hili, 53 − 27, umwache peke yake na penseli yake. Katika darasa langu, kijijini upande wa Bahi, mkoani Dodoma, majibu huja ya aina tatu. Wapo wanaoandika 26, na hao wamepata. Wapo wanaoandika 34. Na wapo wanaoandika 36. Kwa miaka mingi nilikuwa naweka mkasi kwenye 34 na 36, kisha nafundisha upya darasa zima kuanzia mwanzo, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Wiki iliyofuata 34 na 36 nazikuta palepale.

Majibu hayo mawili yametoka kwa watoto walio mahali tofauti kabisa. Aliyeandika 34 ameona 3 na 7 upande wa mamoja, akatoa namba ndogo kwenye kubwa: saba toa tatu, nne. Halafu tano toa mbili, tatu. Kwake swali halina tatizo lolote. Aliyeandika 36 ameona kwamba mamoja hayatoshi, amechukua kumi, amepata 13 toa 7 ni 6, ila hakukumbuka kwamba makumi yaliyokuwa matano sasa ni manne. Huyu amebakiza hatua moja tu. Ukiwapa wote wawili msaada uleule, mmoja unamchosha na mwingine unapita juu ya kichwa chake.

Nitaeleza hapa jinsi ya kufundisha mada hii moja, kutoa kwa kuchukua, kwa kutumia mawazo mawili ambayo vyuoni tulifundishwa yakiwa yametengana: ukanda wa ukuaji wa karibu, na kiunzi. Nimechagua mada hii kwa sababu watoto wengi hukwamia hapa, hata baada ya kuipitia Darasa la Pili, na kwa sababu makosa yake yanasomeka waziwazi.

Maneno mawili, na yanapokutana

Lev Vygotsky alikuwa mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 37 tu. Alitoa mfano wa watoto wawili waliopimwa kwa maswali, wote wakaonekana kuwa na uwezo wa mtoto wa miaka 8. Kisha wakapewa maswali magumu zaidi pamoja na msaada kidogo: swali la kuongoza, au hatua ya kwanza ya jibu. Mmoja akafika kwenye maswali ya mtoto wa miaka 12. Mwingine akaishia ya miaka 9. Je, watoto hawa wana uwezo sawa? Vygotsky alisema hapana. Nafasi iliyopo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa ndiyo aliyoiita ukanda wa ukuaji wa karibu, na alisisitiza kwamba mafundisho yenye faida ni yale yanayolenga ndani ya nafasi hiyo.

Kiunzi, yaani msaada wa muda anaopewa mtoto hadi aweze peke yake, kilikuja baadaye. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika kuhusu watoto wa miaka 3, 4 na 5 waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Walichunguza anayemsaidia mtoto hufanya nini hasa: humvuta aipende kazi, hupunguza mambo ya kufikiria kwa wakati mmoja, humwonyesha jambo la muhimu la kutazama, humzuia asikate tamaa. Katika maandishi yale hawakulitaja neno ukanda. Ni waelimishaji waliofuata walioona kwamba hivi viwili ni pande za kitu kimoja.

Fundi ujenzi analielewa hili kuliko wengi wetu. Pita mjini Dodoma utaona majengo mapya yamezungukwa na mirunda. Fundi hajengi jukwaa katikati ya uwanja. Analisimamisha ukutani, mahali mkono wake ulipokoma kufika. Analipandisha kiasi cha kumwezesha kuendelea na matofali yanayofuata, si kiasi cha kumfikisha kwenye paa leo. Na ukuta ukishakauka, mirunda inang'olewa na kupelekwa kwingine. Mahali mkono ulipokoma ni kiwango cha mtoto akiwa peke yake. Kimo anachoongezewa na jukwaa ni ukanda wake.

Sasa lipo jambo ambalo mfano wa fundi hauonyeshi, nalo ndilo lililobadilisha ufundishaji wangu. Kwa fundi, kimo cha ukuta kinaonekana kwa macho. Kwa mtoto hakionekani. Huwezi kuujua ukanda wake kwa kutazama majibu aliyoandika peke yake, kwa sababu majibu hayo yanaonyesha mwanzo wa ukanda tu. Njia pekee ya kujua unaishia wapi ni kumpa msaada kidogo, kuona kama umetosha, na kuongeza kidogo kama haujatosha. Kwa hiyo kiunzi ni msaada na papo hapo ni kipimo. Mwalimu anayetoa msaada mkubwa moja kwa moja amepoteza kipimo chake. Mtoto atapata jibu, lakini mwalimu hatajua lolote kuhusu mtoto huyo.

Hatua ya kwanza: maswali manne, na namba zake zichaguliwe

Siku moja kabla ya somo, dakika 15 za mwisho, wape maswali haya kwenye karatasi, bila msaada wowote:

13 − 7
58 − 23
53 − 27
50 − 27

Tafadhali usibadilishe namba hizi bila kufikiri. Mimi mwanzoni nilikuwa natumia 52 − 27, na nilipokusanya karatasi nilikuta rundo la 35. Nilidhani wote wamekosea kwa namna moja. Jaribu mwenyewe: anayetoa ndogo kwenye kubwa atapata 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3, yaani 35. Anayesahau kupunguza makumi atapata 12 toa 7 ni 5, na 5 toa 2 ni 3, yaani 35 vilevile. Makosa mawili tofauti yamevaa nguo moja. Hutokea hivyo kila mara tofauti ya mamoja inapokuwa 5. Kwa hiyo epuka jozi kama 2 na 7, 1 na 6, 3 na 8, 4 na 9. Kwenye 53 − 27 tofauti ni 4, na makosa yanajitenga yenyewe: 34 huku, 36 kule.

Swali la 50 − 27 linaongeza habari. Anayegeuza ataandika 37. Anayesahau kupunguza makumi ataandika 33. Na yupo wa tatu, anayesema sifuri toa saba haiwezekani kwa hiyo ni sifuri, akaandika 30. Jibu sahihi ni 23.

Panga karatasi kwenye mafungu matatu. Waliokosa 13 − 7 au 58 − 23 bado hawajafika kwenye mada ya kesho. Waliopata hayo mawili wakakosa mengine, mada ya kesho ni yao. Waliopata yote manne wameshaipita. Katika darasa langu la watoto 72 mwaka jana, mafungu yalikuwa na watoto 11, 46 na 15.

Lakini ukiishia hapo umepima mwanzo wa ukanda tu. Asubuhi yake, wakati wengine wanafanya usafi, niliita watoto wawili kutoka fungu la kati, wote waliandika 34. Niliwapa kila mmoja 62 − 35 na kumwambia tu, "Tazama mamoja. Unatoa ngapi kutoka ngapi?" Wa kwanza akatulia, akasema, "Tano kutoka mbili. Haitoshi mwalimu," akachukua kumi, akapata 27. Wa pili nilimwonyesha hatua zote kwa vijiti mara mbili, na bado aliporudi kwenye swali lake aligeuza namba. Jibu lao lilikuwa moja, ukanda wao haukuwa mmoja. Ni watoto wale wawili wa Vygotsky, wamekaa dawati moja.

Hatua ya pili: zana, na maneno ya kusaidia yaandikwe kabla

Mwezi wa saba huku kwetu mtama na uwele vimeshavunwa, mabua yamejaa mashambani. Kila mtoto alete vijiti 15 vya mabua vyenye urefu wa kidole cha shahada. Watoto 72 mara 15 ni vijiti 1,080. Ukiwagawa kwenye vikundi 18 vya watoto wanne, kila kikundi kinapata vijiti 60. Vifungwe kumikumi kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, viwe mafungu sita. Kila kikundi kifungue fungu moja, kibaki na mafungu matano na vijiti huru kumi: hapo kinaweza kujenga namba yoyote hadi 60. Maswali ya juu ya hapo, vikundi viwili vya jirani huunganisha vijiti vyao. Vizibo vya soda nimevijaribu, havifungiki. Na katika mada hii kufungua fungu kwa mkono ndiyo hoja yenyewe, kwa hiyo zana isiyofungika haifai. Karanga zinaliwa.

Kisha andika kwenye andalio lako maneno utakayosema kusaidia, kuanzia msaada mdogo hadi mkubwa. Mimi nina ngazi tano.

Ngazi ya 1 ni kumrudisha kwenye swali: "Nisomee swali lako, kisha uniambie unafanya nini." Hapo hujamwambia chochote.

Ngazi ya 2 ni kuelekeza jicho: "Tazama mamoja. Unatoa ngapi kutoka ngapi?"

Ngazi ya 3 ni kuelekeza kwenye zana bila kusema afanye nini: "Hapa mezani kwako, vijiti vingine viko wapi?"

Ngazi ya 4 ni kumtajia hatua: "Fungua fungu moja, uchanganye na vile vitatu."

Ngazi ya 5 ni kumwonyesha kazi nzima, ila kwa swali lingine. Unachukua 42 − 18, unafungua fungu, 12 toa 8 ni 4, yamebaki makumi matatu, toa moja, mawili, 24. Halafu yeye anarudi kwenye 53 − 27 yake. Usimwonyeshe kwa swali lake mwenyewe, maana hapo atanakili.

Kanuni ya kutembea kwenye ngazi hizi ni moja. Akikwama, panda ngazi moja. Akifaulu, msaada unaofuata uanze chini ya ule uliofanya kazi. Kanuni hii inatokana na kazi ya David Wood na wenzake waliochunguza akina mama wakiwafundisha watoto wao. Kuisema ni rahisi, na kuifuata ukiwa na watoto 72 na kengele inakaribia ni kazi ngumu sana. Ndiyo sababu nasisitiza maneno yaandikwe kabla. Yasipoandikwa, mdomo hukimbilia ngazi ya 4.

Kuhusu neno kukopa. Wengi wetu tulifundishwa "kopa kumi kwa jirani", na baadhi ya watoto huuliza deni linalipwa lini. Swali hilo lina akili ndani yake, kwa sababu hakuna deni. Hakuna kilichotoka nje ya 53. Makumi matano na mamoja matatu yamegeuka kuwa makumi manne na mamoja kumi na matatu, na bado ni 53. Mimi nasema "kufungua fungu". Mtoto anayesema kufungua fungu hasahau kwa urahisi kwamba mafungu yamepungua, kwa sababu neno lenyewe linamkumbusha.

Hatua ya tatu: kipindi chenyewe

Kipindi changu ni dakika 40. Dakika 5 za utangulizi ni za kujenga namba: "Nionyesheni 53 mezani." Mafungu matano, vijiti vitatu. Kisha, "Fungueni fungu moja, changanyeni. Sasa mna ngapi?" Hapa subiri. Wapo watakaoanza kuhesabu upya kimoja kimoja, na wapo watakaosema papo hapo bado ni 53. Kikundi ambacho hakuna hata mmoja anayesema bado ni 53, usikipeleke mbele.

Dakika 10 zinazofuata nafanya 42 − 18 mbele ya darasa, na hapa ndipo nilipokosea miaka ile. Nilikuwa nafundisha kwa vijiti wiki nzima, halafu wiki ya pili naanza kuandika kwenye daftari. Kwa vijiti walifaulu karibu wote. Nilipowapa jaribio bila vijiti, 34 zikarudi kama vile hatukuwahi kukutana. Kwao vijiti vilikuwa mchezo mmoja na daftari lilikuwa jambo lingine. Siku hizi kila mkono unapofanya kitu, penseli inaandika kitu hichohicho kabla mkono haujasogea tena. Umefungua fungu, futa 4 ya makumi kwa mstari, andika 3 juu yake. Umechanganya vijiti, andika 12 juu ya 2 ya mamoja. Umeondoa vijiti 8, andika 4 chini. Mmoja kwenye kikundi anashika vijiti, mmoja anaandika, wawili wanatazama kama vinalingana, kisha wanabadilishana.

Dakika 20 ni za kazi, na hapo ndipo mwalimu anapotembea na daftari lake dogo. Fungu la kati wanafanya 53 − 27, 62 − 35, 81 − 47 na kuendelea. Wale 15 waliopata yote nawapa 304 − 127, ambalo sifuri yake katikati inawalazimisha kufungua mia kwanza kabla ya kufungua kumi. Huo ndio ukanda wao, na si haki kuwakalisha kusubiri wengine. Wale 11 wanafunga na kufungua mafungu, na kufanya kutoa ndani ya 20 kwa vijiti.

Nieleze mtoto mmoja kwa karibu. Binti wa dawati la tatu, aliandika 34 jana yake. Leo vijiti viko mbele yake na ameandika 34 tena. Nikachuchumaa.

"Nisomee swali lako, mwanangu, kisha uniambie unafanya nini."

"Hamsini na tatu toa ishirini na saba. Saba toa tatu, nne."

Ngazi ya 1 haikutosha. Nikapanda. "Tazama mamoja. Unatoa ngapi kutoka ngapi?"

Akaweka kidole kwenye 3, akakipeleka kwenye 7, akakirudisha. "Saba... kutoka tatu." Akanyamaza. Nilihesabu moyoni hadi kumi. Ukimya wa namna hii unauma mwalimu, na ni hapa tunapowapora watoto kazi yao. "Haitoshi," akasema, akaniangalia. Amelitambua tatizo, ila njia hana.

Ngazi ya 3: "Hapa mezani kwako, vijiti vingine viko wapi?"

Akagusa fungu, akaniangalia usoni kama nitaitikia kwa kichwa. Sikuitikia. Nilitazama vijiti. Akavuta mpira, vijiti vikamwagika, akahesabu kumi na tatu, akaondoa saba, akaandika 6. Kisha, bila kuangalia meza, akasema "Tano toa mbili, tatu," akaandika 36.

Tazama alivyosogea. Kutoka kosa la kwanza amehamia kosa la pili, na hayo ni maendeleo. Mwalimu anayesahihisha kwa jibu tu ataona kakosa jana na kakosa leo. Na kwa kuwa hili ni gumu jipya, sikuendelea na ngazi ya 3 wala ya 4. Nilirudi chini kabisa: "Nionyeshe mafungu yako." Akahesabu manne. Akafuta mwenyewe.

Swali lililofuata, 62 − 35, alihitaji ngazi ya 2 tu. La tatu, 81 − 47, alipata 34 iliyo sahihi bila mimi kufungua mdomo, ingawa vijiti alivishika. Kwenye daftari langu niliandika mbele ya jina lake 3, 2, 0. Namba hizo tatu zinazoshuka ndizo ushahidi kwamba mada imo ndani ya ukanda wake. Zingekuwa 5, 5, 5, ningejua nimempa kazi iliyo nje ya ukanda, na hakuna kiunzi ambacho kingemfaa. Zingekuwa 0, 0, 0 tangu mwanzo, ningejua namrudisha kwenye kitu anachokijua.

Huwezi kufanya hivi na watoto wote kwa siku moja. Mimi nafikia watoto tisa kwa kipindi, na vipindi vinane vinamaliza darasa. Waliobaki nawasoma kwa mbali: nikipiga makofi mawili, kila mmoja anainua daftari akiwa ameandika jibu nyuma yake kwa tarakimu kubwa. Kwa kuwa namba zilichaguliwa, nikiona 34 na 36 kutoka mbele najua aende nani kwa nani.

Wasaidizi wenzao nawatumia, maana Vygotsky mwenyewe alimhesabu mwenzake mwenye uwezo zaidi kuwa msaada halali. Nina sharti moja: msaidizi anaweka mikono mgongoni. Akishika penseli ya mwenzake, amemaliza kazi na si kusaidia. Anaruhusiwa maneno ya ngazi ya 1 hadi ya 3, ambayo nimeyabandika ukutani kwa maandishi makubwa. Wakinong'onezana kwa Kigogo nawaacha, ilimradi daftarini kunaandikwa Kiswahili. Mara nyingi ndipo nasikia maelezo mazuri kuliko yangu.

Hatua ya nne: kung'oa mirunda

Kiunzi kisichopangiwa siku ya kuondoka hugeuka gongo la kutembelea. Mimi nakiondoa kwa awamu nne, na awamu hizo mtoto anazipita kwa mwendo wake, si kwa kalenda.

Kwanza vijiti viko mezani na daftari linaandikwa papo hapo, kama nilivyosema. Pili, vijiti vinaingia kwenye boksi, na mtoto anachora: mstari mrefu kwa kila kumi, kidoto kwa kila moja. Kufungua fungu ni kuukata mstari mmoja na kuweka vidoto kumi. Tatu, michoro inaondoka na inabaki safu mbili zenye vichwa Makumi na Mamoja. Nne, swali tupu.

Namhamisha mtoto awamu moja mbele akipata maswali matatu mfululizo kwa ngazi ya 0 au ya 1, mojawapo likiwa na sifuri, na akiweza kunijibu, "Hii 5 imekuwaje 4?" Jibu la "kwa sababu tumekopa" silipokei. Jibu la "fungu moja nimelifungua, liko huku" nalipokea kwa mikono miwili.

Baada ya siku kadhaa changanya swali lisilohitaji kufungua, kama 67 − 32. Hapa hujitokeza kosa jipya: mtoto anafungua fungu kwa mazoea, 17 toa 2 ni 15, 5 toa 3 ni 2, anaandika 215. Ukiona 215 ujue umemfundisha mwendo wa mkono bila sababu yake. Mrudishe kwenye vijiti kwa swali hilo moja, umuulize kwa nini alifungua.

Mahali panapoharibika

Kosa ninalolikuta zaidi, kwangu na kwa wenzangu, ni msaada unaojifanya swali. "Tatu toa saba itatosha?" "Haitoshiii!" "Kwa hiyo tunafungua nini?" "Fungu!" "Tunabaki na mafungu ma...?" "Manneee!" Darasa zima limeitikia, na aliyefikiri ni mwalimu peke yake. Sauti ile ya pamoja haina habari ndani yake. Njia ya kujua ni rahisi: baada ya kuitikia, futa ubao, wape swali lilelile kimya kimya, kisha madaftari yainuliwe.

Lipo pia tatizo la mtoto anayejua kufungua fungu lakini 13 − 7 inamchukua dakika mbili za vidole. Anapomaliza kuhesabu ameshasahau alikuwa wapi. Huyu mpe kadi yenye majibu ya kutoa ndani ya 20, aitumie kwa muda. Huko si kumdekeza. Umemwondolea mzigo mmoja ili akili yake ibaki kwenye jambo la leo, na kadi ile itang'olewa kwa wakati wake kama mirunda mingine. Lakini kadi hiyo haimfai yule ambaye haamini kwamba fungu moja na vijiti kumi ni kitu kimoja. Wa namna hiyo walikuwa sita kati ya wale 11, na kuwapa 53 − 27, hata kwa msaada wa ngazi zote tano, kulikuwa kuwafundisha kunakili. Niliwabakiza kwenye kufunga na kufungua kwa wiki mbili, dakika 10 kila asubuhi, kabla ya kuwapima upya kwa maswali yale manne. Wanne waliingia fungu la kati. Wawili waliobaki vijiti vyao bado viko kwenye kopo chini ya dawati, na daftari langu dogo linaanza upya nao, ngazi ya 1.